Nuru Inapotoweka: Ufafanuzi wa Ripoti ya Maabara kuhusu Pembe ya Brewster na Fahirisi ya Mpindo

Ikisiri

Jaribio la kutafuta pembe ambayo nuru ya leza iliyoakisiwa na kioo hutoweka mbele ya polaraiza ni miongoni mwa majaribio mepesi kuyafanya na magumu kuyaripoti. Kanuni yake ni fupi: tanjenti ya pembe hiyo ni sawa na fahirisi ya mpindo ya kioo. Makala haya yanaonesha kwamba sentensi iliyo muhimu kuliko zote katika ripoti ya jaribio hili, yaani “nuru ilitoweka”, inaweza kuwa kweli kwa jicho na bado ikampeleka msomaji kwenye fahirisi isiyo ya kioo hicho. Kwa kufuata mfano mmoja wa kioo cha kawaida cha maabara, yanafafanuliwa mambo yanayoamua iwapo ulinganisho na fahirisi ya mpindo una maana: mahali polaraiza iliposimama, namna leza ilivyolazwa, na njia iliyotumika kuutambua mpaka wa giza.

Utangulizi

Mwaka 1808, Étienne-Louis Malus aliitazama nuru ya jua iliyoakisiwa na madirisha ya Kasri la Luxembourg jijini Paris kupitia kipande cha fuwele ya kalsaiti. Fuwele hiyo huigawa nuru katika taswira mbili, na Malus aliona kwamba, kadiri alivyoizungusha, taswira moja ilififia na nyingine ikakolea. Nuru iliyoakisiwa, basi, haikuwa sawa na nuru iliyotoka moja kwa moja kwenye jua. Malus aliendelea kuzipima pembe ambazo badiliko hilo lilikuwa kubwa zaidi kwa maji na kwa kioo, lakini hakupata uhusiano kati ya pembe hizo na uwezo wa vitu hivyo wa kuupinda mwale. Uhusiano huo ulitangazwa na Mskoti David Brewster mwaka 1815. Brewster naye alisumbuliwa na kioo kabla ya kufika hapo, kwa kuwa vipande vya kioo vilimpa pembe zisizopatana, hadi alipotambua kwamba tatizo lilikuwa katika hali ya nyuso zake.

Historia hii inatajwa hapa kwa sababu moja. Kanuni ambayo leo huandikwa kwa alama chache, tan θ = n, ilimkwepa mtafiti hodari aliyekuwa na vifaa vizuri kwa wakati wake. Aliyeikosa hakukosa akili. Alikosa namna ya kujua ni giza lipi la kuaminiwa. Tatizo hilohilo hujirudia katika ripoti za maabara hata sasa, ingawa leza na vihisi vya nuru vimechukua nafasi ya dirisha na fuwele.

Kwa nini nuru hutoweka

Nuru ni mtetemo wa uga umeme unaokingama njia ya mwale. Mwale unapoangukia uso wa kioo, mistari mitatu hulala katika bapa moja: mwale unaofika, mwale unaoakisiwa, na mstari unaosimama wima juu ya uso wa kioo. Bapa hilo litaitwa hapa bapa la mwanguko. Mtetemo wowote wa nuru unaweza kugawanywa katika sehemu mbili: ile inayotetema ndani ya bapa la mwanguko, ambayo makala haya yanaiita mtetemo sambamba, na ile inayotetema kwa kulikata bapa hilo kwa pembe mraba, itakayoitwa mtetemo mkingamo. Ikiwa leza na kioo vimepangwa juu ya meza, bapa la mwanguko ni la mlalo, kwa hiyo mtetemo sambamba ni wa mlalo na mtetemo mkingamo ni wa wima.

Nuru inayoingia ndani ya kioo huzitikisa elektroni za kioo kufuata uelekeo wa mtetemo wake. Elektroni hizo, kwa kutikisika, hutoa nuru yao, na sehemu ya nuru hiyo ndiyo tunayoiita mwale ulioakisiwa. Lakini chembe ya umeme inayotikisika haitoi nuru kuelekea upande ambao mstari wa mtikisiko wake unaelekea. Mtu aliyesimama mbele kabisa ya bembea, mahali ambapo mtoto anamjia na kumwacha, haoni bembea ikienda kulia wala kushoto. Anayesimama ubavuni ndiye anayeuona mwendo wote. Mwale ulioakisiwa nao, kwa pembe moja maalumu, husimama mbele ya bembea. Hapo uelekeo wake unalingana na mstari ambao elektroni zilizotikiswa na mtetemo sambamba zinaufuata, na sehemu sambamba ya uakisi inakuwa sifuri. Hali hiyo hutokea mwale unaoakisiwa na mwale uliopinda ndani ya kioo vinapokuwa na pembe mraba kati yao.

Kutoka hapo hesabu ni fupi. Kanuni ya Snell inasema sin θ = n sin r, ambapo θ ni pembe ya mwanguko, r ni pembe ya mwale uliopinda, na n ni fahirisi ya mpindo. Pembe mraba kati ya miale miwili inamaanisha r = 90° − θ, hivyo sin r ni sawa na cos θ, na kinachobaki ni tan θ = n. Kwa kioo cha kawaida cha optiki chenye fahirisi ya 1.515 kwa nuru nyekundu ya leza ya heliamu na neoni, yenye urefu wa wimbi wa nanomita 632.8, pembe hiyo ni nyuzi 56.57. Kwa plastiki ya akriliki, yenye fahirisi ya karibu 1.49, ni nyuzi 56.1. Kwa maji ni nyuzi 53.1.

Inafaa kusema mapema kwamba pembe hizi zote hupimwa kutoka kwenye mstari wima wa uso, si kutoka kwenye uso wenyewe. Kirai “pembe kati ya mwale na kioo”, kinachojitokeza kwa urahisi katika Kiswahili, kina utata, na anayekisoma kwa maana yake ya kawaida ataandika nyuzi 33.4 badala ya 56.6. Kosa hili hujifichua lenyewe, kwa kuwa tanjenti ya nyuzi 33.4 ni 0.66, na hakuna kioo chenye fahirisi iliyo chini ya moja. Makosa yatakayojadiliwa baadaye hayajifichui hivyo.

Pembe ndogo, tofauti kubwa

Kabla ya kuvigusa vifaa, ripoti nzuri hujiuliza pembe inapaswa kujulikana kwa usahihi gani. Jibu linatokana na kanuni yenyewe. Karibu na nyuzi 56.6, kosa la nyuzi moja katika pembe huleta kosa la karibu 0.058 katika fahirisi. Tofauti kati ya kioo na akriliki ni 0.025 tu. Kwa hiyo mwanafunzi anayesoma pembe yake kwa shaka ya nusu nyuzi anabeba shaka ya 0.029, na hawezi kusema kwa haki iwapo kipande kilichokuwa mezani kilikuwa kioo au plastiki. Ripoti inayoandika “n = 1.5108” kutokana na meza ya duara yenye alama za nyuzi nzima imeandika tarakimu mbili za mwisho ambazo vifaa havikuzitoa.

Shaka hii ndiyo inayofanya swali la giza kuwa zito. Iwapo mahali pa giza pamekosewa kwa nyuzi moja kasorobo, fahirisi iliyopatikana inaweza kuwa ya kitu kingine kabisa kilichomo katika jedwali la vitabu, na mwandishi akaridhika kwamba amekitambua.

Polaraiza mbili kwa jina moja

Polaraiza ni kichujio kinachopitisha mtetemo wa uelekeo mmoja tu. Katika jaribio hili inaweza kuwekwa mahali pawili. Inaweza kusimama kati ya leza na kioo, ikaiteua nuru kabla haijafika. Au inaweza kusimama baada ya kioo, katika njia ya mwale ulioakisiwa, ikaikagua nuru inayorudi. Ripoti nyingi huandika “polaraiza” bila kusema ipi, kana kwamba ni mamoja. Si mamoja, na kwa sababu hiyo makala haya yanapendekeza majina mawili: polaraiza tangulizi kwa ile ya kwanza, na polaraiza kaguzi kwa ile ya pili. Haja ya majina hayo haitokani na kupenda istilahi, bali na ukweli kwamba kila moja ina kosa lake, na makosa hayo yanatofautiana ukubwa kwa mara nyingi sana.

Chukua kwanza polaraiza kaguzi, kwa kuwa ndiyo inayotumika pale jaribio linapoelezwa kama kutafuta pembe ambayo nuru iliyoakisiwa “hutoweka kupitia polaraiza”. Mhimili wake huwekwa mlalo ili upitishe mtetemo sambamba peke yake. Katika pembe ya Brewster uakisi wa mtetemo sambamba ni sifuri, kwa hiyo hakuna kinachopita. Hadi hapo maelezo ni sahihi. Lakini leza nyingi, hasa zile za diodi, hutoa nuru ambayo tayari inatetema katika uelekeo mmoja. Ikiwa leza imelazwa ili mtetemo wake uwe wima, hakuna mtetemo sambamba hata kidogo katika nuru inayofika, na kihisi nyuma ya polaraiza kaguzi kitasoma giza kwa nyuzi 40, kwa nyuzi 50 na kwa nyuzi 70. Mwanafunzi aliyeanzia karibu na nyuzi 56, kwa kuwa kitabu kilimwambia aanzie hapo, ataona giza papo hapo na kuandika kwamba nadharia imethibitishwa. Namna ya kulitambua kosa hili ni nyepesi: giza la kweli huondoka kioo kinapozungushwa nyuzi chache upande wowote. Giza lisiloondoka halitokani na kioo.

Dawa inayotolewa kwa kawaida ni kuizungusha leza kwenye kishikio chake hadi mtetemo wake uinuke nyuzi 45, ili nuru inayofika iwe na mtetemo sambamba na mtetemo mkingamo kwa kiasi sawa. Dawa hii inafaa, lakini inaleta tatizo jingine lililojificha zaidi, na ndilo linalostahili kuangaliwa kwa makini kuliko yote.

Giza kamili mahali pasipo pake

Kioo kisicho na rangi, kinapoakisi nuru kutoka hewani, hakicheleweshi mtetemo mmoja nyuma ya mwingine. Hupunguza ukubwa wa kila mmoja, na kwa upande fulani wa pembe ya Brewster hugeuza alama ya mmoja wao. Matokeo yake ni kwamba nuru ya leza iliyofika ikitetema katika mstari mmoja huakisiwa ikiwa bado inatetema katika mstari mmoja, ila mstari huo umegeuka. Na nuru inayotetema katika mstari mmoja inaweza kuzimwa kabisa na polaraiza, wakati wowote, kwa kuusimamisha mhimili wa polaraiza mraba na mstari huo.

Maana yake kwa jaribio ni nzito. Kwa kila pembe ya mwanguko upo mkao mmoja wa polaraiza kaguzi unaoleta giza kamili. Mtu anayezungusha kioo kwa mkono mmoja na polaraiza kwa mkono mwingine hadi nuru itoweke anaweza kupata giza popote apendapo. Pembe ya Brewster si pembe ambayo giza linapatikana. Ni pembe ambayo giza linapatikana mhimili wa polaraiza ukiwa ndani ya bapa la mwanguko hasa. Ukamilifu wa giza hausemi lolote kuhusu ukweli wa mhimili.

Ukubwa wa kosa hili unaweza kukokotolewa kutokana na milinganyo ya Fresnel. Kwa kioo chenye fahirisi ya 1.515, katika pembe ya Brewster, uakisi wa mtetemo mkingamo ni asilimia 15.4 ya ukali wa nuru, yaani 0.393 ya ukubwa wa mtetemo. Uakisi wa mtetemo sambamba, kwa upande wake, unabadilika taratibu sana hapo: takriban 0.011 ya ukubwa wa mtetemo kwa kila nyuzi moja. Mhimili wa polaraiza ukiinama kwa nyuzi moja tu kutoka mlalo, unapitisha sehemu ndogo ya mtetemo mkingamo, karibu 0.007. Ili giza lipatikane, mtetemo sambamba lazima uwe na ukubwa huohuo kwa alama iliyo kinyume, na hilo hutokea kioo kinapokuwa kimezungushwa zaidi ya nyuzi 0.6 kutoka mahali pake pa haki. Kosa la nyuzi moja katika polaraiza limezaa kosa la nyuzi 0.64 katika pembe.

Mwandishi wa ripoti, basi, atasoma nyuzi 57.21 au nyuzi 55.93, kutegemea upande ambao polaraiza imeinamia. Kwa usomaji wa kwanza fahirisi ni 1.55, kwa wa pili ni 1.48, na hapo ataandika kwa ujasiri kwamba kipande chake ni cha akriliki. Katika hali zote mbili giza alilolishuhudia lilikuwa kamili, na alilirudia mara tano akapata jibu lilelile. Kurudia usomaji hakusaidii, kwa kuwa kosa halina nasibu. Hata desturi nzuri ya kupima upande wa kulia kisha upande wa kushoto na kuchukua wastani, ambayo huondoa kosa la sifuri ya meza ya duara, haisaidii hapa: kosa linaongeza pembe pande zote mbili au linapunguza pande zote mbili.

Kinachosaidia ni kuligeuza kosa lenyewe. Polaraiza ikigeuzwa mbele ikawa nyuma, kama ukurasa unavyofunuliwa, mhimili uliokuwa umeinamia kulia unainamia kushoto, na giza linahama hadi upande wa pili wa pembe ya haki. Katika mfano huu usomaji mmoja ni 57.21 na wa pili ni 55.93, wastani wake ni 56.57, na tanjenti yake ni 1.515. Kuizungusha leza robo duara, ili mtetemo wake uinamie upande wa pili, kunafanya kazi hiyohiyo, na kuna faida moja ya ziada: kunagundua pia kosa lililotokana na kishikio cha polaraiza kusimama kombo, jambo ambalo kugeuza polaraiza ndani ya kishikio kilekile hakuligundui. Tofauti kati ya masomo mawili ni habari yenyewe, na ripoti inapaswa kuitaja, kwa sababu inamwambia msomaji mhimili ulikuwa umekosewa kwa kiasi gani.

Polaraiza tangulizi haina ugonjwa huu. Inaposimama kabla ya kioo, na kihisi kikaachwa bila kichujio, kosa la nyuzi moja katika mhimili huruhusu mtetemo mkingamo kidogo, ambao huakisiwa na kufika kwenye kihisi kama nuru ya ziada. Hauwezi kuufuta mtetemo sambamba, kwa sababu mitetemo miwili inayokingamana haifutani pasipo polaraiza ya kuikutanisha. Giza haliwi kamili, lakini mahali pake panahama kwa kiasi kisichozidi mia moja ya nyuzi. Hata mhimili ukikosewa kwa nyuzi tano, kima cha chini huhama kwa nyuzi 0.24 tu, kuelekea pembe ndogo. Huu ni mgeuko wa kushangaza kidogo: mpangilio unaotoa giza kamili ndio unaodanganya, na ule unaobakiza mwanga hafifu ndio unaosema kweli. Aliye na uhuru wa kuchagua aiweke polaraiza mbele ya kioo.

Kima cha chini kinavyotafutwa

Hata mhimili ukiwa sahihi, bado pembe haisomwi kwa kungoja giza. Ukali wa nuru karibu na pembe ya Brewster una umbo la bonde lenye sakafu pana. Kwa kioo cha mfano wetu, kati ya kila sehemu 10,000 za nuru inayofika, uakisi wa mtetemo sambamba ni 19.4 kwa nyuzi 52, ni 6.7 kwa nyuzi 54, ni 0.4 kwa nyuzi 56, ni 2.5 kwa nyuzi 58, na ni 15.9 kwa nyuzi 60. Ikiwa kihisi, au jicho, halitambui chini ya sehemu 0.4, basi “giza” linaanzia nyuzi 56.0 na kuishia karibu nyuzi 57.1. Ni ukanda wa zaidi ya nyuzi moja, na fahirisi zake zinaanzia 1.48 hadi 1.55. Anayeandika pembe ya mahali alipoona giza kwa mara ya kwanza anaandika ukingo wa ukanda, na ukingo upi ni suala la upande aliotokea.

Njia inayopendelewa na wengi ni kutafuta pembe mbili, moja kila upande wa bonde, zenye ukali ulio sawa, kisha kuchukua katikati yake. Ni njia bora kuliko kungoja giza, lakini bonde hili si la ulinganifu. Ukuta wa upande wa pembe kubwa ni mkali zaidi. Ukali wa 15.9 unaopatikana kwa nyuzi 60 unapatikana pia kwa nyuzi 52.47, na katikati yake ni 56.23, si 56.57. Ukichagua pembe zilizo karibu zaidi na sakafu, kwa mfano 54 na 58.86, katikati inakuwa 56.43. Kosa linapungua lakini daima linaelekea upande uleule, yaani kwenye fahirisi ndogo kuliko ya haki.

Ipo njia ya tatu, isiyohitaji kifaa chochote cha ziada. Ukali wa nuru ni kipeo cha pili cha ukubwa wa mtetemo, na ukubwa huo, tofauti na ukali, hauishii kwenye sakafu. Unavuka sifuri na kuendelea upande wa pili ukiwa na alama ya hasi. Kwa hiyo mwandishi anachukua kipeuo cha pili cha kila usomaji, anayapa alama ya hasi masomo yote ya upande wa pembe kubwa, na kuyachora kwenye grafu. Bonde linageuka kuwa mteremko. Kwa masomo yaliyotajwa hapo juu anapata 4.40, 2.59, 0.60, −1.58 na −3.99. Mstari laini unaopita katika nukta hizo unapinda kidogo sana na unakata sifuri karibu na nyuzi 56.6. Nguvu ya njia hii ni kwamba masomo yenye nuru ya kutosha, yaliyo rahisi kuyapima, ndiyo yanayoamua mahali ambapo nuru haipo.

Sharti lake ni kwamba usomaji wa kihisi wakati leza imezibwa uondolewe kwanza katika kila namba. Mwanga wa chumba hauhamishi bonde, ila huinua sakafu yake, na kipeuo cha pili hukuza kilicho kidogo: nukta zilizo karibu na sifuri zinakuwa mbali na mstari kwa pande zote mbili, na grafu inaonekana kama imevunjika katikati. Mwandishi anayeona mvunjiko huo ajue kwamba ama hakuondoa mwanga wa chumba, ama polaraiza tangulizi inavujisha mtetemo mkingamo. Kati ya hayo mawili, la kwanza linatambulikana kwa kuizima leza. Lililobaki ni la pili. Leza ya heliamu na neoni isiyo na mtetemo maalumu huleta tabu nyingine: inapokuwa ikipata joto, nuru yake huhamahama kati ya mitetemo miwili, na ukali baada ya polaraiza hupanda na kushuka bila kioo kuguswa. Kuiacha iwake hadi itulie hupunguza tabu hiyo.

Ulinganisho na fahirisi ya mpindo

Sehemu ya mwisho ya ripoti hulinganisha n iliyotokana na pembe na n iliyopatikana kwa njia nyingine. Ripoti nyingi huchukua fahirisi kutoka kwenye jedwali la kitabu na kuandika tofauti kwa asilimia. Ulinganisho huo ni dhaifu kwa sababu kitabu hakikukipima kipande kilichokuwa mezani. Neno “kioo” linajumuisha vitu vyenye fahirisi kuanzia karibu 1.5 hadi juu ya 1.7, na fahirisi ya kila kimoja hubadilika kwa rangi ya nuru. Kulinganisha pembe iliyopimwa kwa leza nyekundu na fahirisi iliyopimwa kwa nuru ya manjano ya sodiamu huongeza tofauti ndogo ambayo si kosa la mtu yeyote.

Ulinganisho wenye nguvu ni wa kipande kilekile, kwa leza ileile, kwa kanuni ya Snell. Kipande cha nusu duara kinafaa kwa hilo: mwale ukiingia katikati ya uso bapa, hutoka kwenye uso wa mviringo bila kupinda tena, na pembe r husomwa moja kwa moja. Kwa mwanguko wa nyuzi 60, mwale unaosomwa kwa nyuzi 34.9 unatoa n ya 1.514, ukisomwa 34.4 unatoa 1.533, na ukisomwa 35.4 unatoa 1.495. Njia hii, basi, kwa shaka ya nusu nyuzi katika r, ina shaka ya karibu 0.019, ambayo si mbali na ile ya pembe ya Brewster. Njia mbili zenye shaka zinazokaribiana zinaweza kulinganishwa kwa haki, kwa kuuliza iwapo tofauti yake ni ndogo kuliko shaka zake zikijumuishwa.

Ni hapa ambapo maneno ya ripoti yanapopimwa. “Nuru ilitoweka kwa nyuzi 57.2, hivyo n = 1.55, tofauti ya asilimia 2.4” ni sentensi isiyo na kosa la sarufi wala la hesabu, lakini haimwezeshi msomaji kujua kama tofauti hiyo imetokana na kioo, mhimili au jicho. Ikiandikwa kwamba usomaji wa kihisi ulivuka sifuri kwa nyuzi 57.2 polaraiza kaguzi ikitazama mbele, na kwa nyuzi 55.9 ilipogeuzwa, msomaji anaweza kukokotoa mwenyewe, akapata 56.55, akaona kwamba fahirisi ni 1.51 na kwamba mhimili ulikuwa umeinama kwa nyuzi moja. Kitenzi “kutoweka” kinaficha yote hayo kwa sababu kinasimulia alichokiona mtu. “Kuvuka sifuri” kinasimulia kilichofanywa na masomo, na hulazimisha kutaja pande zote mbili.

Ikiwa baada ya yote hayo pembe ya Brewster bado inatoa fahirisi iliyo chini ya ile ya Snell kwa zaidi ya shaka zote, linalobaki kutazamwa ni uso wa kioo. Mwale uliopinda hupita katika kina chote cha kipande. Mwale ulioakisiwa hutegemea tabaka jembamba la juu peke yake. Alama za vidole, mabaki ya sabuni, au tabaka la kioo kilichoharibika kwa unyevu wa muda mrefu huhamisha pembe bila kuigusa n ya Snell. Kipande kisafishwe kwa spiriti, upimwe uso mwingine wa kipande hichohicho, na masomo ya nyuso zote mbili yaandikwe. Nyuso mbili za kioo kimoja zinapotoa pembe mbili, ripoti imefika mahali alipofika Brewster kabla ya mwaka 1815.